Barua ya wazi kwa wakuu wa usafirishaji: gari likaguliwe kabla halijapakiwa

Kwenu mameneja wa usafirishaji, wasimamizi wa maghala na wenye kampuni za usambazaji wa bidhaa,
Dar es Salaam.

YAH: FOMU YA UKAGUZI WA GARI KABLA YA SAFARI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dereva wa gari la usambazaji, hizi Hiace za mizigo zinazotoka maghala ya Chang'ombe na Barabara ya Nyerere alfajiri kupeleka mafuta ya kupikia, sukari na sabuni madukani. Nimeendesha kwa waajiri zaidi ya mmoja, na fomu ya ukaguzi niliyoikuta kila mahali ni ile ile: karatasi yenye visanduku, inajazwa getini, gari limeshapakiwa mpaka mlangoni, mlinzi ameshika kalamu na wenzangu nyuma wanapiga honi. Spea ipo? Tiki. Jeki ipo? Tiki. Nyaraka? Tiki. Mzigo umefungwa? Tiki. Geti linafunguliwa.

Ninachoomba ni ukaguzi huo uondolewe getini, ufanywe gari likiwa tupu, na maswali ya fomu yabadilishwe yawe yale ambayo huwezi kuyajibu bila kuinama chini ya gari. Nitaeleza kwa nini, nikianzia na spea, maana huko ndiko fomu zenu zinakofeli waziwazi.

Kwenye Hiace nyingi spea haikai ndani. Inaning'inia chini ya sakafu upande wa nyuma, imeshikwa na mnyororo unaozungushwa na kiwinchi kidogo. Kuishusha unahitaji fimbo maalumu inayoingia kwenye tundu huko nyuma. Unazungusha, mnyororo unalegea, tairi linashuka. Huko chini ndiko kunakorushwa tope la Mbagala wakati wa masika na vumbi la barabara za mitaani mwezi wa nane. Spea isiyoshushwa mwaka mzima inaoza taratibu mahali ambapo hakuna anayepaangalia. Mnyororo unashika kutu, winchi inaganda, na upepo unatoka kidogo kidogo kama unavyotoka kwenye tairi lolote.

Kuna mwenzetu mmoja ambaye gari lake lilipasuka tairi la nyuma kushoto Barabara ya Kilwa, kati ya Vikindu na Mkuranga. Alikuwa amebeba dumu 40 za mafuta ya kupikia za lita 20, na katoni za sabuni juu yake. Fomu ya asubuhi ilikuwa na tiki zote. Tuliokwenda kumsaidia tulikuta hali hii: jeki ilikuwepo, lakini iko sakafuni nyuma ya kiti, chini ya dumu, kwa sababu vijana wa ghalani walipanga mzigo kuanzia huko mbele. Yeye na tingo wake walikuwa wameshusha zaidi ya nusu ya mzigo pembeni ya barabara ili kuifikia. Fimbo ya kushushia spea waliipata, lakini winchi haikuzunguka. Tingo alilala chini ya gari akigonga mnyororo kwa jiwe.

"Kaka, spea si unayo?" nikamuuliza dereva.

"Ninayo. Inakataa kushuka."

Fundi wa pancha kutoka Vikindu akaja na msumeno wa chuma akaukata mnyororo. Tairi lilipoanguka, ukilikanyaga kwa mguu linabonyea. Fundi akalipima: PSI 15. Akaijaza kwa pampu yake, gari likasimama kwa miguu minne, na hapo ndipo nilipopitisha kidole ubavuni mwa tairi nikasoma namba. Matairi mengine matatu yalikuwa ya mzigo, yenye herufi C baada ya saizi na namba ya uwezo 106. Spea ilikuwa na namba 91. Ni tairi la gari dogo la abiria ambalo mtu aliliona linaingia kwenye rimu akaliweka.

Kwa wasiozijua hizo namba: 106 maana yake tairi hilo moja linaruhusiwa kubeba kilo 950. Tairi la 91 linaruhusiwa kilo 615. Tofauti ya kilo 335 kwenye gurudumu moja la nyuma, upande ambao mzigo ndio umekaa. Mzigo wote uliokwishashushwa haukurudi kwenye gari lile; ilibidi litafutwe gari la pili kutoka Dar, na wateja wa Mkuranga walipata mafuta yao kesho yake.

Sasa tazameni ile fomu tena. Hakuna aliyedanganya. Spea ipo? Ilikuwepo. Jeki ipo? Ilikuwepo. Tatizo ni swali. Fomu imeuliza kuwepo kwa kitu, wakati dereva njiani anahitaji kitu kinachofikika, kinachoshuka na kinachobeba. Ndiyo maana kumkaripia dereva aliyeweka tiki hakusaidii. Hata mngemweka getini malaika, kwa fomu ile angeweka tiki zile zile.

Fomu iseme hivi: "Upepo wa spea leo: PSI ____." Basi. Mtu hawezi kujaza nafasi hiyo bila geji mkononi, na akijaza 45 kila siku kwa mwezi mzima mtajua anaandika akiwa amekaa, kwa sababu upepo wa kweli haukai namba moja. Geji ya upepo ya kawaida bei yake haifiki hata gharama ya kuzibiwa pancha chache. Kila gari liwe na ya kwake, si moja ya ofisi nzima inayofungiwa kwenye droo ya bosi ambaye anaingia saa tatu.

Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi yetu yametoka Japani, kibandiko kinasema kPa na mafundi wetu wanasema PSI, kwa hiyo watu wanakikwepa. Hesabu ni nyepesi: gawanya kPa kwa 7, unapata PSI kwa ukaribu wa kutosha. Kibandiko kikisema 350, tafuta 50. Spea ijazwe kwa kiwango cha juu kuliko vyote vya gari hilo, yaani cha nyuma likiwa na mzigo, kwa sababu njiani kupunguza upepo ni kubonyeza valvu tu, lakini kuuongeza ukiwa porini huna namna. Na upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Tairi lililotembea kutoka Kariakoo mpaka Mbagala kwenye jua linapanda kipimo lenyewe. Dereva anayelipunguza hapo, kesho asubuhi analikuta liko chini.

Kushusha spea yote mpaka ardhini si kazi ya kila siku, sitawadanganya. Mara moja kwa wiki inatosha: ishuke, mnyororo upakwe grisi, tairi likaguliwe ubavu wote wawili, lirudi juu. Siku hiyo pia isomwe tarehe. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna namba nne: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Spea ina tabia ya kuonekana mpya kwa sababu kashata zake hazijaliwa, kumbe mpira umekauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo karibu na rimu. Nimeona spea yenye vinyweleo vyake vya kiwandani bado, ambayo ukiikunja kidogo ubavuni inatoa mistari kama kisigino cha mtu wa shamba.

Nije kwenye vifaa. Vifaa vyote vya kubadilishia tairi vikae chumba cha dereva au mahali ambapo mzigo haufiki, katika mfuko mmoja, na mfuko huo ufunguliwe kila asubuhi. Jeki ya chupa ipigwe mara kadhaa ionekane kama inapanda na kama inavuja mafuta. Hata hivyo jambo linalosahaulika zaidi ni urefu wake. Tairi likiisha upepo kabisa, eksozi na ekseli zinashuka, na jeki iliyokuwa inaingia vizuri pale gereji haiingii tena. Ijaribiweni mara moja kwa kila gari: toeni upepo tairi moja la nyuma, gari likiwa na mzigo, muone kama jeki mliyonunua inapita chini. Isipopita, hiyo si jeki ya gari hilo. Ongezeni kipande cha ubao mgumu cha kuweka chini yake, kwa sababu pembeni ya barabara zetu ni mchanga, na jeki kwenye mchanga inazama badala ya kunyanyua.

Spana ya gurudumu iwe ile inayoingia kwenye nati za gari hilo hilo. Toyota nyingi ni namba 21, lakini mkibadilisha rimu mara nyingine na nati zinabadilika, na spana inabaki ya zamani. Njia ya kujua ni kulegeza nati moja kila gurudumu siku ya ukaguzi wa wiki na kuikaza tena. Mafundi wa pancha wanaokaza kwa mashine wakati mwingine wanakaza kiasi kwamba spana ya mkono haitoi kitu mpaka upate bomba la kuirefusha. Heri mligundue hilo ghalani.

Pembetatu za hatari ni mbili, na ziwe zinasimama zenyewe. Nyingi tunazopewa zimevunjika mguu, ndiyo maana mpaka leo mnaona magari ya kampuni zenye nembo nzuri yamewekewa matawi ya miti barabarani. Mtungi wa kuzimia moto uangaliwe mshale uko kwenye kijani, halafu ugeuzwe juu chini na kutikiswa, maana unga wa ndani unashikamana kwa mtikisiko wa safari na unaweza kukaa bila kutoka hata mshale ukiwa mahali pake.

Nyaraka nitazipitia haraka kwa sababu jambo lake ni moja: karatasi zenye tarehe zisiulizwe "ipo?", ziulizwe "inaisha lini?" Leseni ya dereva na daraja lake, leseni ya usafirishaji ya LATRA, bima. Siku hizi trafiki hahitaji hata kuona stika. Anaingiza namba ya gari kwenye simu anaona bima imekufa lini na gari linadaiwa faini ngapi. Ofisi nayo inaweza kuangalia vivyo hivyo Jumatatu asubuhi, gari zote, kwa dakika chache. Na muangalie aina ya bima, siyo tarehe peke yake. Gari lililonunuliwa kama la mtu binafsi likaingizwa kwenye biashara bila bima kubadilishwa, siku ya ajali mtaambiwa lilikuwa linafanya kazi ambayo haikukatiwa.

Kisha karatasi za mzigo: risiti ya EFD na hati ya kupelekea mzigo zilingane na kilichomo ndani. Hapa dereva hana uwezo wa kukagua akiwa getini na milango imeshafungwa. Akikaa na hati mkononi wakati wa kupakia, anahesabu dumu zinavyoingia. Ninaomba pia jambo moja la haki: faini nyingi za nyaraka zinatokana na ofisi kusahau kulipia kitu. Faini ya bima iliyokwisha au leseni ya LATRA isiyolipiwa isikatwe kwenye mshahara wa dereva. Ya taa nyekundu ni yangu, hiyo nitailipa.

Sasa mzigo. Mnauliza, "Umefungwa?" Ndani ya bodi lililofungwa milango, wengi wetu tunaamini mzigo umefungwa kwa kuwa mlango umefungwa. Mlango unazuia mwizi. Hauzuii dumu lisije kichwani kwako ukishika breki.

Chukueni zile dumu 40. Mafuta ya lita 20 pamoja na dumu lake ni kama kilo 19, jumla karibu kilo 760. Kanuni ya kufunga mizigo inayotumika Ulaya inataka mzigo uzuiwe usisogee mbele kwa nguvu inayolingana na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa pembeni na kwa nyuma. Kwa mzigo huu, upande wa mbele ni zaidi ya kilo 600 zinazosukuma kuelekea mgongo wa dereva na tingo pale bodaboda anapokatiza ghafla Zakhem. Kinachotakiwa kuzibeba kilo hizo ni ukuta wa chuma nyuma ya viti. Magari mangapi kwenu yana ukuta huo, na mangapi yana kipande cha plaiwudi kilichopigiliwa na fundi seremala?

Njia nyepesi kuliko zote ya kuzuia mzigo usisogee ni kutouachia nafasi ya kusogea. Dumu za kwanza ziguse ukuta wa mbele, zifuatazo ziguse za kwanza, nzito chini, katoni nyepesi juu, na safu ya mwisho ishikwe kwa mkanda wenye kikazio uliofungwa kwenye pete za sakafuni. Kamba ya katani inalegea baada ya matuta machache. Mkanda unaukaza tena kwa mkono mmoja. Mkanda wenyewe ukiwa umechanika pembeni, hata kidogo, utupwe, kwa sababu mchaniko huo ndio unaoendelea pale unapovutwa. Sakafu ifagiliwe kabla. Mafuta yaliyomwagika jana yanafanya dumu za leo ziteleze kama ziko kwenye sabuni, na hilo nalo huwezi kuliona gari likishajaa.

Lakini gari la usambazaji lina shida ambayo lori la kwenda Tunduma halina: mzigo wetu unabadilika kila kituo. Asubuhi tunapanga kwa mpangilio wa wateja. Wa mwisho huko mbele, wa kwanza mlangoni. Tukifuata mpangilio huo, tunachomoa kuanzia nyuma na kinachobaki kinaendelea kuegemea ukuta. Halafu simu inapigwa kutoka ofisini: "Suka, anza na yule wa Kongowe, analalamika." Mzigo wa Kongowe uko katikati. Tingo anapanda juu ya dumu, anachomoa kumi za katikati, na kuanzia hapo tunatembea na shimo ndani ya gari, dumu za nyuma yake zikiwa hazina kinachozizuia mpaka ziligonge fungu la mbele. Sisemi msibadilishe mpangilio kamwe, biashara ni biashara. Mkibadilisha, mtupe dakika za kupanga upya pale pale kwa mteja, na msipige simu ya pili kuuliza tumekwama wapi. Fomu iwe na mstari kwa kila kituo: "Mzigo umepangwa upya na mkanda umekazwa, saa ____."

Ndiyo maana naomba ukaguzi ugawanywe. Sehemu kubwa ifanyike gari likiwa tupu, kabla halijarudishwa nyuma kwenye mlango wa ghala: spea, upepo, mfuko wa vifaa, mtungi, sakafu, mikanda, tarehe za nyaraka, na taa za nyuma ambazo tingo anaziangalia dereva akikanyaga breki. Ukiwa na geji na mazoea ni kama robo saa. Ya pili ni fupi, baada ya kupakia: hati na mzigo, mkanda, halafu tairi za nyuma zitazamwe tena zimebonyea kiasi gani. Getini abaki mlinzi na kazi ya kufungua geti.

Hiyo robo saa iingizwe kwenye muda wa kazi. Tukiambiwa tufike saa 11 na mzigo uwe barabarani saa 11 na nusu, na kupakia peke yake kunachukua nusu saa, jueni mmeshatuamulia kipi kirukwe.

La mwisho ni kuhusu sanduku la "Hapana". Kwenye fomu zote nilizojaza lipo, na sijaona likitumika, kwa sababu halina kinachofuata baada yake. Dereva akiandika kwamba spea haina upepo, anajibiwa, "Nenda hivyo hivyo, ni Mbagala tu." Akipata tatizo, fomu inatolewa kwenye faili na jina lililopo ni la kwake peke yake. Wekeni mstari wa pili chini ya kila kasoro: "Aliyeruhusu gari liende: jina ____, sahihi ____." Na kasoro nne zisiwe na mstari huo kabisa, gari libaki ndani mpaka zirekebishwe: breki, tairi lolote lililoliwa hadi kufikia vile vituta vya alama katikati ya kashata, spea isiyoshuka au isiyo na uwezo wa mzigo, na ukuta wa nyuma ya viti uliolegea. Nyingine zote meneja anaweza kuamua liende, ilimradi aandike jina lake.

Fomu niliyopendekeza inaingia kwenye ukurasa mmoja wa A4. Nimeandika rasimu yake kwa mkono, na madereva wenzangu wameipitia na kuongeza mstari wa maji ya wipa, ambao mimi nilikuwa nimeuacha. Kampuni yoyote itakayotaka kuijaribu ianze na gari moja, lile lenye kelele nyingi zaidi gereji, na siku ya kwanza ianze kwa kushusha spea.

Wenu katika kazi,
Dereva wa gari la usambazaji,
Temeke.